Pingili iliyoteleza mbele: kinachobanwa, na namna ya kuimarisha kiuno bila kukiumiza

"Nina umri wa miaka 54, ni mwalimu wa shule ya msingi. Kiuno kinaniuma kwa mwaka mmoja na nusu sasa, na maumivu hushuka kwenye tako la kulia, upande wa nje wa mguu, hadi juu ya unyayo. Nikisimama ubaoni au nikitembea kama dakika nane, miguu inakuwa mizito na kufa ganzi, nikikaa, inaachia. Eksirei imeonyesha pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele kwa milimita 6. Mmoja ameniambia nisibebe kitu tena maisha yangu yote, mwingine anasema kuna mtu anayeurudisha mfupa kwa kuuvuta. Nilijaribu mazoezi ya tumbo, yale ya kulala chali na kuinuka, nikazidiwa. Je, nitapooza? Na mazoezi ya tumbo yananifaa au yananidhuru?"

Mwalimu, nianze na neno kupooza, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Uti wenyewe, yaani ule mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo, ndani ya mfereji wa mifupa, hubaki nyuzi za neva zinazoning'inia kama mkia wa farasi, kila jozi ikishuka kulifuata tundu lake la kutokea. Pingili yako ya nne iko chini ya mahali uti unapoishia, kwa hiyo haiwezi kuukata, maana pale haupo. Zinazoweza kubanwa ni zile nyuzi, na mara nyingi hubanwa polepole, kwa dalili ambazo mtu huziona na kupata muda wa kuchukua hatua. Ipo hali moja adimu inayokuja kwa haraka, nami nitaieleza mwishoni kwa sababu inapaswa kujulikana na kila mwenye tatizo hili.

Sasa tuitazame hiyo milimita 6. Madaktari huupima mtelezo kwa kuulinganisha na upana wa pingili iliyo chini yake, kutoka mbele hadi nyuma. Tuseme pingili yako ya tano ina upana wa milimita 36: sita kwa thelathini na sita ni moja ya sita, au karibu asilimia 17. Mtelezo usiozidi asilimia 25 huitwa wa daraja la kwanza, na wa pili huishia asilimia 50. Kwa hiyo wako ni wa daraja la chini kabisa. Lakini naomba usiifanye namba hiyo kuwa kipimo cha maumivu yako, kwa sababu nimewaona wenye mtelezo mkubwa wakilima bila shida, na wenye mtelezo mdogo kama wako wasioweza kusimama hadi wimbo wa taifa uishe. Sababu ya tofauti hiyo inafaa kueleweka, kwani ndiyo itakayotuongoza katika kuchagua mazoezi.

Chukua bangili tatu, uzipange moja juu ya nyingine, kisha utazame ndani kutoka juu. Utaona tundu moja lililo wazi. Ukiisukuma bangili ya kati mbele kidogo tu, tundu linakuwa jembamba, ingawa hakuna bangili iliyovunjika. Kila pingili ina mwili mnene upande wa mbele na pete ya mfupa upande wa nyuma, na nyuzi za neva hupita ndani ya pete hizo. Kwa watu wa umri wako, diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano hupoteza maji na kupungua kimo, viungo vidogo vya nyuma vinavyozuia pingili isiteleze husagika, na pingili nzima, pamoja na pete yake, husogea mbele. Hii ndiyo aina ya uchakavu wa viungo, ambayo huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50, na mahali pake pa kawaida ni hapo hapo kwako.

Ipo aina nyingine inayoanza utotoni au ujanani, ambapo pete yenyewe hupata ufa na kukatika, kwa kawaida kwenye pingili ya tano. Hapo mwili wa pingili husogea mbele, lakini sehemu ya nyuma ya pete hubaki nyuma, hivyo mfereji wa kati haubani na pengine hupanuka. Mtu wa aina hiyo huweza kuwa na mtelezo mkubwa kuliko wako na miguu yake ikabaki salama. Aina zote mbili huitwa kwa jina moja la kitaalamu, spondilolistesisi, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa: huchukua mazoezi au hofu za jirani mwenye jina la ugonjwa kama lao, ilhali utendaji wa tatizo lake ni tofauti.

Kwa nini, basi, miguu huwa mizito unaposimama na kuachia unapokaa? Mfereji huo haubaki na upana uleule siku nzima. Tunaposimama wima, na zaidi tunapojipinda nyuma, kano nene iliyo nyuma ya mfereji hujikunja na kuingia ndani, viungo vya nyuma hukaribiana, na nafasi hupungua. Tunapokaa au kuinama mbele kidogo, kano hiyo hunyooka na nafasi huongezeka. Mtu mwenye mfereji mpana haioni tofauti hiyo hata kidogo, lakini wewe, ambaye nafasi yako imeshapunguzwa na mtelezo, unahisi kila milimita. Fikiria mkao wako wa kazi: umesimama, mkono umeinuliwa kuandika mstari wa juu kabisa wa ubao, kiuno kimepinda nyuma. Hapo unazibana neva zako mwenyewe mara nyingi kwa siku bila kujua.

Maelezo haya unaweza kuyathibitisha mwenyewe. Wenye tatizo hili hutembea vizuri zaidi wakipanda mlima kuliko wakishuka, kwa sababu anayepanda huinama mbele. Wengi huweza kuendesha baiskeli mwendo mrefu ingawa hawawezi kutembea nusu yake, na wakisukuma mkokoteni au kuegemea kitu kwa mbele hupata nafuu. Angalia pia kinachokupa nafuu ukiwa njiani. Ikiwa kusimama tu, bila kukaa wala kuinama, kunatosha kuyaondoa maumivu ya mashavu ya miguu, basi inabidi mishipa ya damu ya miguu ichunguzwe, hasa kwa mvutaji wa sigara au mwenye kisukari. Na ganzi inayoanzia vidoleni kwenye miguu yote miwili kama soksi, isiyobadilika ukae au usimame, huelekea zaidi kwenye kisukari. Maelezo yako hayafanani na hayo mawili. Njia uliyoitaja, tako hadi upande wa nje wa mguu na juu ya unyayo, ni njia ya neva ya tano ya kiuno, ambayo ndiyo hubanwa pingili ya nne inapoteleza.

Kuhusu kuuvuta mfupa urudi, jibu langu ni usikubali. Pingili hiyo imeshikwa na diski, kano na misuli, na imechukua miaka kufika ilipo. Hakuna mkono unaoweza kuirudisha na ikabaki. Hata daktari bingwa anayempasua mgonjwa wa aina yako, mara nyingi lengo lake kuu huwa ni kuzipa neva nafasi na kuzituliza pingili hizo mbili zisichezecheze, wala hahangaiki kuirudisha pingili mahali pake pa awali. Kunyooshwa kwa nguvu, kupindwa kiuno hadi kilie, au ile desturi ya nyumbani ya kumwambia mtoto akukanyage mgongoni, huongeza kile kile kinachokuumiza, yaani kuipinda pingili nyuma na kuisukuma mbele. Kuchuliwa kwa upole kwa mafuta ya uvuguvugu hakuna ubaya, nako hutuliza misuli iliyokaza, mradi ujue kwamba hakugusi mfupa.

Na ushauri wa kutobeba kitu maisha yako yote nao siukubali, ijapokuwa najua ulitolewa kwa nia njema. Kiuno kisichobebeshwa kitu hupoteza misuli, na misuli ndiyo kinga uliyobakiwa nayo baada ya diski na viungo kuchakaa. Kwa majuma machache ya mwanzo ni sawa kuiacha ndoo ya lita 20 na kubeba mbili ndogo zilizojaa nusu, moja kila mkono. Hiyo ni hatua ya kupitia tu.

Tufike kwenye misuli. Kina mama waliowahi kufungwa mkaja baada ya kujifungua watanielewa haraka. Ndani kabisa ya tumbo, chini ya misuli ile inayoonekana kwa wanamichezo, kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kutoka mgongoni hadi mbele, kama mkaja ulioumbwa nao. Nyuma kuna misuli mifupi inayoshona pingili moja na nyingine. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, na juu kuna kiwambo cha kupumulia. Kwa mtu mzima asiye na maumivu, misuli hii hukaza kidogo kabla hata mkono haujainuka, bila yeye kufikiri. Maumivu ya muda mrefu huuvuruga mpangilio huo: mkaja huchelewa kukaza, ile misuli mifupi ya nyuma hunyauka, na mwili huanza kutegemea misuli mikubwa ya juu, ambayo hushika kwa nguvu, huchoka upesi, na huipinda pingili.

Kwa hiyo lengo la mazoezi yako si kupata tumbo lenye nguvu nyingi. Unachotafuta ni misuli ya ndani inayokaza kidogo, kwa wakati wake, na kudumu muda mrefu bila kuchoka. Kuinuka ukiwa umelala chali kulikuzidishia kwa sababu zoezi hilo huikunja diski kwa nguvu na kuutumia sana msuli wa nyonga unaoanzia ubavuni mwa pingili zenyewe za kiuno, ambao ukikaza huzibana na kuzivuta mbele. Zoezi linaloonekana kinyume chake, la kulala kifudifudi na kuinua kifua na miguu kwa pamoja, nalo usilifanye, kwa kuwa linaupinda mgongo nyuma na kuuziba mfereji. Kwa hiyo yale uliyojaribu ni kweli yalikudhuru, na bado mazoezi ya tumbo yanakufaa. Yaliyokuwa na kasoro ni aina na kiasi.

Zoezi la kwanza linaonekana dogo mno, na ndiyo maana watu hulidharau na kuliruka. Lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kipinde kiuno juu kidogo, kisha kibonyeze kiguse mkeka, mara kadhaa, halafu utulie katikati ya hali hizo mbili, mahali unapohisi raha zaidi. Kwa wengi wenye tatizo lako pahali hapo huwa karibu zaidi na mkeka. Weka ncha za vidole viwili ndani kidogo ya mifupa ya nyonga inayojitokeza mbele. Toa pumzi, na mwishoni mwa pumzi ivute taratibu sehemu ya chini ya tumbo, chini ya kitovu, kama unayekaza mkaja, huku ukikaza pia kama unayezuia mkojo. Tumia kama theluthi ya nguvu zako, si zaidi. Vidole vihisi msuli ukikaza kwa ulaini. Vikisukumwa nje, umetumia misuli ya juu. Shikilia sekunde 10 ukiendelea kupumua, uachie, urudie mara 10, asubuhi na jioni. Kosa la kawaida kuliko yote ni kubana pumzi, na dawa yake ni kuhesabu kwa sauti: anayeweza kuhesabu hadi kumi anapumua.

Utakapoweza kufanya hivyo bila kufikiri sana, jambo ambalo huchukua majuma mawili hadi manne, ndipo viungo viongezwe. Ukiwa umelala vilevile, kaza mkaja, kisha inua unyayo mmoja sentimita chache tu kutoka kwenye mkeka, ushushe, uinue mwingine. Kiuno kisitikisike kabisa. Kikianza kupinda, umechoka na zoezi limeisha kwa siku hiyo. Kisha fanya daraja fupi: kaza makalio, uinue nyonga hadi paja na kiwiliwili viwe karibu na mstari mmoja, usivuke hapo, ushikilie sekunde 5 hadi 10, mara nane. Makalio dhaifu huacha kiuno kifanye kazi isiyo yake, na hili huwa dhahiri mtu anapopata mkakamao nyuma ya paja badala ya kuhisi makalio yakichoka. Akisogeza visigino karibu na makalio, mara nyingi hurekebika.

Hatua ya tatu ni ya magoti na viganja, kama mtoto anayetambaa. Wewe una kifaa kinachofaa kuliko mtu yeyote, rula ndefu ya ubaoni. Ilaze juu ya kiuno, kutoka nyonga hadi nyonga, ukaze mkaja, kisha upeleke mguu mmoja nyuma polepole hadi unyooke bila kuupandisha juu kuliko makalio. Rula ikianguka au kuinamia upande mmoja, nyonga imezunguka na pingili imepindwa. Shikilia sekunde 8, ubadilishe mguu, mara tano au sita kila upande. Mkono wa upande wa pili uongezwe tu baada ya rula kutulia kwa juma zima. Siku hizo hizo unaweza kuongeza zoezi la ubavu: lala kiubavu, ujiinue kwa kiwiko na magoti, ushikilie sekunde 10, mara tano. Wenye magoti mabovu huweza kufanya zoezi la rula wakiwa wamesimama, wameinamia meza.

Naomba ukae na kanuni moja ya maumivu, kwa sababu ndiyo mwalimu wako ukiwa peke yako. Kiuno kuuma kidogo baada ya mazoezi na kupoa kabla ya siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu yakipanda, yaani yakiondoka kwenye unyayo na kubaki tu kwenye tako, hiyo ni dalili nzuri, hata kama tako na kiuno vinauma zaidi kidogo. Yakishuka, yaani ganzi ikifika mahali ambapo haikuwa inafika, rudi hatua moja nyuma siku hiyo hiyo na usubiri.

Kutembea nako kuna dawa yake. Ikiwa miguu huwa mizito kwenye dakika ya nane, usisubiri dakika ya nane. Tembea tano, ukae au uiname ukishika magoti kwa dakika mbili, utembee tano nyingine, mizunguko mitatu au minne kwa siku. Kila juma ongeza dakika moja ikiwa miguu inakubali. Andika dakika hizo kwenye daftari, maana ndizo zitakazokuambia ukweli kuliko picha yoyote. Darasani, weka kistuli kidogo chini ya ubao na upandishe mguu mmoja juu yake unapoandika, ukibadilisha. Mguu ulioinuliwa huondoa mpindo wa kiuno. Anza kuandika kwenye usawa wa macho, na mstari wa juu umwachie mwanafunzi mrefu.

Nikupe mfano wa mtu mmoja, mama lishe wa miaka 57, aliyekuwa na mtelezo mahali pako hapo hapo na wa kiasi cha karibu hicho. Alipofika alikuwa akitembea dakika nne tu. Juma la kwanza tulilitumia lote kumfundisha kupumua huku mkaja umekaza, naye alilalamika kwamba hafanyi kitu. Juma la tatu akaruka mwenyewe hadi kwenye daraja, akaliinua juu sana, na ganzi ikashuka hadi vidoleni. Tulirudi mwanzo kwa siku kumi, tukabadilisha pia jiko lake, kwa sababu alikuwa akisimama wima saa tano mbele ya sufuria iliyo juu. Tukalishusha na kumwekea kigoda cha kukalia wakati wa kukatakata. Juma la sita alikuwa na dakika tisa, la kumi na mbili dakika kumi na nane. Baada ya mwaka alipiga eksirei nyingine akitarajia kuona mfupa umerudi. Mtelezo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni misuli iliyouzunguka mfupa, na mikao yake ya kila siku.

Kuhusu ushahidi, ni haki yako kuujua pamoja na mipaka yake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997, wa wagonjwa 44, ulionyesha kwamba majuma 10 ya mazoezi ya misuli ya ndani yalipunguza maumivu kuliko matibabu ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi 30. Lakini wagonjwa wale walikuwa wa aina ya pete iliyokatika, si ya uchakavu kama wewe, kwa hiyo nautumia kama dira tu. Kwa aina yako, watafiti wa Japani waliwafuatilia wagonjwa 145 wasiopasuliwa kwa miaka 10 au zaidi na kuchapisha matokeo mwaka 2000: mtelezo uliongezeka kwa karibu theluthi moja tu ya watu, na robo tatu ya wale ambao mwanzoni hawakuwa na dalili za neva waliendelea bila kuzipata. Hata hivyo, wale waliokuwa tayari na miguu inayogoma kutembea au matatizo ya mkojo, wakakataa upasuaji, wengi wao walizidiwa. Wewe unazo tayari dalili za miguu. Ndiyo maana nakuambia ufanye mazoezi kwa bidii, na nakuambia pia uyawekee muda.

Muda ninaoupendekeza ni miezi mitatu ya kufanya kweli. Ikiwa daftari lako linaonyesha dakika zinaongezeka, endelea, kisha upunguze hadi siku tatu kwa juma na uyafanye kuwa desturi. Ikiwa baada ya miezi mitatu bado uko kwenye dakika nane, au zimepungua, ni wakati wa picha ya MRI na kuonana na bingwa wa mifupa au wa neva. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2007, wenye wagonjwa zaidi ya 600 wa aina yako, ulionyesha kwamba katika miaka miwili waliopasuliwa walipata nafuu kubwa kuliko wasiopasuliwa, ingawa hao wa pili nao walipata nafuu kiasi. Upasuaji huo una hatari zake, zikiwamo maambukizi na kurudiwa, lakini kwa mtu ambaye maisha yake yamesinyaa hadi kufika dakika nne za kutembea, si jambo la kuliogopa kama mwisho wa dunia. Sindano ya kupunguza uvimbe karibu na neva huweza kununua majuma kadhaa ya utulivu, haipanui mfereji.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zitumie siku chache tu wakati maumivu yamezidi, na usizitumie bila kumuuliza daktari ikiwa una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Mkanda wa kiuno unafaa kwa safari ndefu ya basi au siku ya mtihani ya kusimama sana, si kwa kuvaliwa kutwa.

Kabla hujaanza zoezi lolote, fanya jambo hili leo: tembea kwa visigino hatua kumi, vidole vimeinuliwa, kisha kaa na uinue vidole gumba vya miguu huku mtu akivikandamiza. Ikiwa unyayo wa kulia hauinuki sawa na wa kushoto, au umeanza kujikwaa, au kandambili ya kulia inakutoka mguuni bila wewe kujua, usisubiri miezi mitatu. Neva imeanza kudhoofika, na unahitaji kuonwa na bingwa ndani ya siku chache. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC na Bugando zina huduma hizo, na hospitali yako ya mkoa inaweza kukuandikia rufaa. Uende na picha zako zote, na ikiwa eksirei ile ilipigwa ukiwa umelala, omba irudiwe kwa ubavu ukiwa umesimama, kwa sababu mtelezo mwingine hujificha mtu anapolala.

Hali ile ya dharura niliyoitaja mwanzoni ni hii: ganzi kwenye msamba, yaani sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kuvuja bila kuhisi, choo kukutoka bila kujijua, au miguu yote miwili kulegea ghafla. Dalili yoyote kati ya hizo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, kwa kuwa nyuzi zile zikibanwa kwa pamoja huhesabiwa uhai wake kwa saa. Na ikiwa maumivu yameandamana na homa, jasho la usiku, kukonda au kuuma sana usiku hata ukiwa umelala, mweleze daktari wazi, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani vinaweza kukaa kwenye kiuno cha mtu mwenye mtelezo vilevile, na hapo mazoezi husubiri hadi vipimo vitoke.